Fuata gunia la kastoma toka kwake mpaka arudi: tulivyochora safari ya mteja kwenye mashine ya kukoboa

Nasimamia mashine ya kukoboa mpunga ya shemeji yangu hapa Igurusi, na msimu wa juzi tulikuwa tunapoteza wateja bila kujua wanaenda kwa sababu gani. Bei ya kukoboa ni ileile ya mashine zote za hapa, mashine yetu ndo mpya kuliko ya jirani, alafu unakuta mtu anapita getini kwetu na kirikuu imejaa magunia anaenda kushusha mbele. Ukimuuliza anakwambia "mashine yenu inavunja". Tukabadilisha mipira ya kukobolea, tukaita fundi toka Mbeya mjini akaseti upya, hela ikatoka, na maneno yakabaki yaleyale, inavunja.

Kilichotusaidia ni kukaa chini na kuchora safari nzima ya kastoma, hatua kwa hatua, kuanzia kabla hajafika kwetu. Naandika namna tulivyofanya ili na wewe ufanye kwako, iwe ni saluni, gesti, duka la pembejeo au fundi cherehani, ila mfano nitautoa kwenye mpunga maana ndo naoujua.

Kwanza, chagua mtu mmoja na safari moja

Hapa wengi wanakosea siku ya kwanza kabisa. Wanaandika juu ya karatasi "mteja", alafu kila mtu anawaza mteja wake. Sisi tuna watu wa aina mbili kubwa, kuna mkulima anayeleta magunia matano mpaka kumi ya shambani kwake, na kuna mfanyabiashara anayenunua mchele hapohapo kiwanjani anapakia kwenda Dar. Hawa safari zao hazifanani hata kidogo. Mkulima anaumia na kusubiri, mfanyabiashara anaumia na mchele kutofanana gunia na gunia. Ukiwachanganya kwenye karatasi moja unapata mtu ambaye hayupo duniani.

Tukachagua mkulima mwenye magunia nane, anayetoka vijiji vya ndani upande wa Mahongole, anakoboa ili auze apate hela ya haraka. Andika hivyohivyo, mtu gani na anataka nini mwisho wa siku. Huyu hataki kukoboa, anataka hela, kukoboa ni njia tu, na hilo lilikuja kutusaidia mbele.

Pili, anzia mbali kuliko unavyodhani

Kama ningechora kwa akili yangu ya mwanzo, safari ingeanza getini, anashusha magunia, na ingeishia anapolipa. Hiyo ni safari ya mashine bana, siyo ya kastoma. Ya kwake inaanza siku anayoamua kwamba mpunga utoke ndani, labda kaletewa barua ya michango shuleni, labda kasikia bei imepanda, na inaisha siku hela iko mkononi au kwenye simu na yuko kwake. Katikati hapo kuna kuanika, kutafuta magunia, kutafuta usafiri, kulala njiani wakati mwingine, kutafuta mnunuzi. Vingi wewe havikuhusu kabisa lakini viandike, maana shida inayolipukia kwako mara nyingi imezaliwa huko.

Tatu, toka ofisini ukakae na watu

Hii ndo kazi yenyewe, zilizobaki ni kupanga karatasi. Mimi na binti wa shemeji tulikaa kiwanjani siku tatu mwezi wa 6, siku ya soko moja na siku za kawaida mbili, kila mtu na daftari. Kuna vitu viwili vya kufanya, kuangalia na kuuliza, na kuangalia kunatangulia.

Kwenye kuuliza, usiulize "mnaionaje huduma yetu". Watu wetu wana adabu, mzee atakwambia "nzuri tu mwanangu, hakuna shida" alafu mwakani humuoni tena. Muulize ya jana. "Shikamoo mama, hebu niambie, safari hii ya leo ilianzaje, toka siku ulipoamua kuleta?" Alafu unanyamaza. Akisema "nikaanika, nikaleta" unamrudisha taratibu, ulianika wapi, siku ngapi, nani alikwambia umekauka, ulimpata vipi mwenye gari, ulifika saa ngapi, ukamkuta nani. Mtu akisimulia jambo lililotokea kweli anakutajia saa na majina na hasira yenyewe inatoka bila wewe kuitafuta.

Hauhitaji watu mia. Sisi tuliongea na saba, kuanzia wa tano tukawa tunasikia yaleyale. Ila katika hao saba hakikisha yupo hata mmoja aliyekukimbia. Sisi tulimfuata mzee mmoja kwa jirani kabisa, tukamkuta amekaa juu ya magunia yake, akacheka, akatueleza yote. Huyo peke yake alitupa zaidi ya wale wengine wote.

Nne, ichore safari yenyewe

Tulichukua kalenda kubwa za mwaka uliopita tukageuza upande mweupe, tukaziunganisha nne kwa selotepu ukutani stoo. Juu kwa mstari wa kulala unaandika hatua, moja baada ya nyingine, kwa maneno ya kastoma siyo yako. Sisi tunaita "kupokea mzigo", yeye anaita "kushusha na kutafuta pa kuweka". Andika la kwake.

Chini ya kila hatua sisi tuliweka vitu vinne tu: anafanya nini, imechukua muda gani, anajiuliza nini moyoni, na hali ya moyo wake ikoje. Hiyo ya mwisho unachora mstari wa kalamu nyekundu unaopanda na kushuka kama milima ya Uporoto. Usiweke mambo kumi na mbili, utachoka hatua ya tatu.

Nikupe kipande cha mama mmoja tuliyemfuata mwanzo mwisho, ili uone inavyokaa. Magunia nane. Ameanika kwake siku mbili, kaona panatosha kwa kuponda punje na jino. Kasubiri gari siku moja zaidi maana mwenye kirikuu alikuwa anakusanya mizigo ya watu watatu. Kafika kwetu saa 3 asubuhi, moyo uko juu, kafurahi kafika mapema. Kashusha mwenyewe na vijana wa pembeni, hakuna mtu wetu aliyemwambia aweke wapi, kaweka nyuma ya magunia ya watu wengine. Swali lake hapo: "niko wa ngapi?" Hakuna wa kumjibu. Saa 5 kauliza, kijana wa mashine kamwambia "bado bado mama". Saa 7 kauliza tena. Hajaenda kula, anaogopa akiondoka watamruka au gunia litapungua. Saa 9 zamu yake imefika, magunia yamebebwa mpaka mdomoni mwa mashine, opareta kachukua punje, kazitafuna, kasema "mama huu bado mbichi, kaanike". Mstari mwekundu hapo ulishuka mpaka ukatoka nje ya kalenda.

Saa 9 mchana mwezi wa 6 jua limebaki kidogo na upepo wa baridi umeshaanza. Kaanika kwenye turubai kiwanjani, haujakauka, kalala kwa ndugu yake, mpunga kauacha palepale na turubai jingine dogo juu ambalo halikufunika wote. Usiku umande. Asubuhi jua kali la kiangazi likapiga, kufikia saa 6 umekauka kweli, kakoboa saa 8. Mchele ukatoka na chenga nyingi, mnunuzi kakata bei, mama kaondoka anasema nini? "Mashine yao inavunja."

Tano, chora mstari wa pazia

Kuna mama wa Kimarekani anaitwa Lynn Shostack, mwaka 1984 alieleza wazo hili kwa kuchora kazi ya mtu wa kung'arisha viatu barabarani, ndo maana nalipenda, siyo la makampuni makubwa tu. Akachora kila hatua ya kung'arisha kiatu, alafu akapiga mstari. Juu ya mstari ni vitu mteja anavyoviona, chini ni vile asivyoviona kama kwenda kununua dawa ya viatu. Na kila hatua akaipa muda, na akaonyesha pia pale kosa linapoweza kutokea, mfano kupaka rangi isiyo ya kiatu.

Sisi tukapiga mstari huo chini ya hatua za mama, tukaandika upande wa pili tunachofanya sisi muda uleule. Aisee aibu. Kuanzia saa 3 mpaka saa 9, masaa sita, chini ya mstari hapakuwa na kitu chochote kinachomhusu yule mama. Hakuna mtu wetu aliyegusa mpunga wake, aliyeandika jina lake, aliyemwangalia. Na opareta ambaye ndo anajua kupima unyevu yuko mdomoni mwa mashine, yaani kipimo kinachoamua kama mtu akoboe leo au asikoboe kimewekwa mwisho wa foleni badala ya mwanzo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, ilitokea tu kwa sababu opareta ndo anajua na opareta hatoki kwenye mashine.

Sita, sasa tafuta kero, na usiamini sehemu inapopiga kelele

Hili ndo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote humu. Kelele ilikuwa kwenye hatua ya mwisho, chenga. Ila ukirudi nyuma hatua kwa hatua na kuuliza "hii imetokana na nini", unafika mbali. Chenga imetoka kwenye punje zenye nyufa. Mpunga ulioanza kukauka ukipata unyevu tena na kisha jua kali la ghafla, punje inapata ufa ndani, hauoni kwa macho, ila ikiingia kwenye mashine inakatika. Mpunga unaokobolewa vizuri uko kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi, ukizidi sana unapondeka na ukikaushwa kwa pupa unapasuka. Sasa kwanini ulipata umande? Kwa sababu ulilala nje. Kwanini ulilala nje? Kwa sababu aliambiwa uko mbichi saa 9 badala ya saa 3. Angeambiwa saa 3 angekuwa na jua la siku nzima na angekoboa jioni ileile.

Kwahiyo tulibadilisha mipira bure. Kumbe kulikuwa na namna rahisi ya kujua: kama ni mashine, basi siku hiyo mchele wa kila mtu utavunjika. Kama wa huyu umevunjika na wa aliyemfuata umetoka mzima, shida iko kwenye mpunga na ulivyokaushwa, siyo kwenye mipira. Tuliangalia siku mbili, hiyo ya pili ndo ilikuwa hali yetu.

Dalili nyingine za kero iliyojificha, ambazo hakuna mtu atakayekulalamikia: pale kastoma anapouliza swali lilelile mara mbili au tatu, pale anaposubiri bila kujua anasubiri mpaka saa ngapi, na pale anapolinda kitu. Masaa sita ya kusubiri siyo mabaya sawasawa. Mtu anayejua yuko wa nne anaenda sokoni, ananunua chumvi, anarudi ametulia. Asiyejua anakaa juu ya gunia na kila dakika anaihesabu.

Saba, mawazo mapya yako kwenye ujanja wa kastoma mwenyewe

Hapa watu wanakaa mezani wanaanza kubuni, tuweke tivii, tutoe soda. Acha kwanza. Angalia kastoma anafanya nini ambacho hukumwambia afanye, kuziba pengo ulilomuachia. Hicho ndo wazo, limeshabuniwa na limeshajaribiwa.

Mama yule alikuwa amefunga kipande cha kanga nyekundu kwenye kila gunia lake, mdomoni. Nikamuuliza, akasema "mwanangu yakichanganyika nitayajuaje?" Mzee mwingine ana mizani ndogo ya kuning'iniza, anapima kila gunia kwake kabla hajaja, ameandika kwenye kikaratasi cha pakiti ya sigara. Huyo hajasema kwamba anatuona wezi, ila mizani imesema. Vijana wawili walikuwa na namba ya simu ya msaidizi wa mashine, wanampigia asubuhi wanauliza kama kuna foleni, wanamtumia vocha kidogo. Yaani huduma ya kujua foleni tayari ipo hapa kwetu na inalipiwa, ila sisi wenye mashine ndo hatuijui.

Vitu vitatu hivyo vikatupa mawazo matatu: alama ya magunia, kupima mbele ya mwenye mali, na kuuliza foleni kwa simu. Hatukubuni hata kimoja.

La mizani nilieleze kidogo maana lina mzizi wake. Mkulima analeta kilo mia za mpunga anapata mchele kilo sitini na kitu, sitini na tano ukiwa umekauka vizuri na ni mzuri, zilizobaki ni maganda, pumba na chenga. Asiyelijua hilo anaona kilo thelathini na tano zimepotelea kwenye mashine yako. Na hakuulizi, anahama. Pumba nayo ni vilevile, kwetu ilikuwa inabaki ya mashine na watu wenye nguruwe walikuwa wanaumia kimoyomoyo kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema, wanagundua wakati wa kuondoka.

Nane, jaribu kitu kimoja, na hesabu kabla hujaanza

Ukishachora utapata kero kumi na tano na utataka kuzimaliza zote Jumatatu. Chagua moja, ile iliyo mbali zaidi nyuma kwenye mnyororo, maana ukiikata hiyo zinadondoka na zingine. Kwetu ilikuwa kipimo cha unyevu.

Kabla ya kubadilisha chochote tukahesabu wiki moja watu wangapi wanarudishwa mdomoni mwa mashine. Walikuwa 11. Alafu tukamfundisha binti wa shemeji kupima getini. Opareta alimpa njia yake ya kutafuna, punje iliyokauka inakatika kwa mlio, mbichi inabonyea chini ya jino. Ila unachukua punje toka katikati ya gunia na chini, siyo mdomoni pa gunia, maana pale juu pameshapigwa na upepo wa gari panadanganya. Wiki ya kwanza alikosea kwa watu kadhaa, akawapitisha wabichi, tukanunua kipima unyevu kidogo cha mkono na baada ya hapo jino na kipimo vikaanza kukubaliana.

Anayefika sasa anapimwa kabla hajashusha. Mbichi, anaonyeshwa turubai hapohapo asubuhi, na jioni kama haujakauka unakusanywa unaingia stoo, haulali nje. Mkavu, anapewa namba ya chokaa kwenye gunia na anaambiwa yuko wa ngapi. Wiki ya tatu waliorudishwa mdomoni walikuwa wawili.

Tulifeli pia. Mwanzoni tuliwapa watu saa, "mama njoo saa 8". Siku ya pili umeme ukakatika toka saa 4 mpaka saa 10, watu wakarudi saa 8 wakakuta giza, wakawa na hasira kuliko zamani, maana zamani hatukuwaahidi kitu. Tukaacha kuahidi saa, tunaahidi nafasi: wewe ni wa sita, wa nne akiingia nakupigia. Umeme ukikatika nafasi yako bado ipo.

Ramani hii ina mipaka yake na uijue. Inakuonyesha kero iko wapi na imetoka wapi, haikuonyeshi ni wangapi inawagusa, ndo maana ile hesabu ya wiki moja ni lazima. Na yetu ni ya mwezi wa 6. Mtu anayeleta mpunga aliouhifadhi ndani mpaka mwezi wa 1 akisubiri bei, wakati wa mvua, safari yake ni nyingine kabisa, barabara ya ndani inateleza, jua hakuna, na turubai letu halimsaidii. Kalenda zake bado nyeupe, zimekunjwa juu ya kabati la stoo.

Yule mzee wa kwa jirani alirudi msimu uliofuata na mizani yake. Akapima kwake, akapima kwetu, akalinganisha vikaratasi viwili akiwa amesimama palepale getini, alafu akamuuliza binti pumba ni ya nani.